Kaboni ya Kutobolea na Kaboni ya Kuhifadhia: Almasi, Grafiti na Makala katika Jimbo la Tanganyika

Mjini Kalemie kaboni huuzwa kwa gunia. Ni makala ya mbabula, yanayoingia mjini kwa baiskeli na kwa mitumbwi ya ziwani. Bonde la Lukuga nalo lina makaa ya mawe, yaliyochimbwa enzi za Wabelgiji mahali walipopaita Greinerville, leo Makala. Ndani ya betri ya kawaida ya tochi mna kijiti cheusi cha kaboni, na kreyo ya mwanafunzi inaandika kwa kaboni. Huko Kasai, upande wa magharibi, watu wanachekecha mchanga wa mito wakitafuta kaboni nyingine kabisa: almasi.

Kwa macho tu, hakuna ambaye angesema hivi vyote ni kitu kimoja. Ilibidi vichomwe ndipo ijulikane. Mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier aliunguza almasi kwa miale ya jua iliyokusanywa na lenzi kubwa, akaona inatoa hewa ileile inayotoka kwenye makaa yanayoungua. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant akapima kwa mizani: almasi na makaa ya uzito sawa hutoa kiasi kilekile cha kaboni dioksidi. Kwa hiyo almasi haina kingine ndani yake ila kaboni. Hapo swali likabadilika. Kama mali ghafi ni moja, kwa nini almasi inakata mwamba na haipitishi umeme, ilhali grafiti inachafua vidole na inapitisha umeme vizuri?

Vitabu vya shule hujibu kwa neno moja: mpangilio wa atomu. Jibu ni sahihi, ila likiishia hapo halimsaidii mtu kutabiri lolote. Mpangilio una kazi yake mahususi, nayo ni kuamua mahali pa elektroni ya nne ya kila atomu. Ukishajua elektroni hiyo iko wapi, unaweza kueleza ugumu, umeme na matumizi kwa mkupuo mmoja, na hata kueleza ni lini almasi itamwangusha fundi na lini grafiti itamwangusha. Jimbo la Tanganyika lina mahali pazuri pa kuyaona haya, napo ni Manono. Pale almasi hutumika kutoboa mwamba wenye lithiamu, na lithiamu hiyo, ikishaingia kwenye betri, makazi yake ni grafiti.

Elektroni ya nne

Atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje za kufungia vifungo na atomu nyingine. Katika almasi zote nne zimefungwa. Kila atomu imeshikamana na majirani wanne walio umbali sawa, mmoja kila upande, na kila jirani ameshikamana na wengine wanne vilevile, hadi mwisho wa jiwe. Umbali kati ya atomu na jirani yake ni nanomita 0.154. William Bragg na mwanawe Lawrence waliuthibitisha mpangilio huu kwa eksirei mwaka 1913. Hauna upande dhaifu wa wazi: ukisukuma kutoka popote, unakutana na vifungo vyenye nguvu ileile. Na kwa kuwa hakuna elektroni iliyobaki huru, hakuna cha kubeba umeme. Almasi safi ni kihami.

Katika grafiti elektroni tatu tu ndizo zinazofunga. Atomu hukaa kwenye tabaka bapa, kila moja na majirani watatu, zikifanya maumbo ya pembe sita yanayorudiwarudiwa. Elektroni ya nne haina jirani wake maalumu. Imeachwa juu na chini ya tabaka, ikitembea kutoka atomu hadi atomu, nayo ndiyo inayopitisha umeme. Matabaka yenyewe yamerundikwa kama mikeka, moja juu ya jingine, kwa umbali wa nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili ya umbali wa atomu zilizoshikana ndani ya tabaka. Kati ya tabaka na tabaka hakuna kifungo halisi, kuna mvutano hafifu tu.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosa. Grafiti si laini kwa sababu vifungo vyake ni dhaifu. Ndani ya tabaka atomu zake zimekaribiana kuliko za almasi, nanomita 0.142, na vifungo vyake ni imara zaidi. Ulaini wake unatoka kati ya matabaka. Kreyo inapopita kwenye karatasi haivunji vifungo vya kaboni, inaacha matabaka nyuma. Kwa sababu hiyohiyo umeme husafiri vizuri sana kwa kufuata tabaka, na kwa shida kubwa ukijaribu kuvuka kutoka tabaka moja hadi jingine. Kwa hiyo ukiuliza kama grafiti inapitisha umeme, huna budi kuuliza pia: kwa upande gani?

Almasi kazini Manono

Mwamba wa Manono unaobeba lithiamu ni pegmatiti, na madini yake ya lithiamu huitwa spodumeni. Spodumeni na kwatzi iliyochanganyika nayo zina ugumu wa karibu 7 katika kipimo cha Mohs. Almasi ni 10. Namba hizo zinadanganya kidogo, kwani kipimo hicho hupanga nani anamkwaruza nani tu, hakisemi kwa kiasi gani. Vipimo vya kugandamiza vinaonyesha kwamba almasi ni ngumu kuliko kwatzi kwa takriban mara nane. Ndiyo maana kampuni ya Kiaustralia AVZ, ilipoanza kupima mwamba wa Roche Dure mwaka 2017, ilitumia mitambo ya kutoboa kwa almasi, inayotoa kiini cha mwamba kikiwa kizima ili kipelekwe maabara.

Kichwa cha kutobolea ni pete ya chuma. Kwenye mdomo wake kuna unga wa metali uliogandishwa pamoja na chembe ndogo za almasi, kuanzia juu hadi chini. Fundi mgeni hudhani kwamba mwamba mgumu unataka metali ngumu ya kushikilia almasi. Ukweli ni kinyume chake. Chembe za almasi zilizo mbele huchakaa polepole, nyuso zao zikawa laini. Ili kichwa kiendelee kukata, metali inayozishikilia inapaswa kuliwa kidogokidogo, chembe butu zing'oke na chembe mpya zenye ncha zitokeze. Mwamba mgumu wenye punje ndogo hauli metali vya kutosha. Kwa hiyo mwamba kama huo unataka metali laini, na mwamba wa mchanga unaokwaruza sana ndio unaotaka metali ngumu.

Kosa la kuchagua linajulikana mapema. Mtambo unasukuma kwa nguvu ileile, lakini kichwa hakishuki. Kikitolewa, mdomo wake unang'aa kama umepigwa msasa, na kidole hakihisi ncha yoyote. Almasi bado zimo ndani, ila zimefunikwa. Dawa yake ni kuuamsha mdomo kwa kuusugua kwenye kitu kinachokwaruza, au kubadili kichwa kabisa.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kukosa maji. Almasi ni ngumu, ila si ya milele. Kwa kanuni za nguvu za asili, hapa juu ya ardhi hali tulivu ya kaboni ni grafiti, na almasi ipo tu kwa sababu atomu zake zimefungwa kiasi kwamba haziwezi kujipanga upya kwenye joto la kawaida. Ukiipasha moto mkali penye hewa, kuanzia karibu nyuzi 700 na kuendelea, inaungua. Ukiipasha zaidi bila hewa, inageuka grafiti. Maji yanayozungushwa ndani ya shimo ndiyo yanayopoza mdomo na kuondoa unga wa mwamba. Yakikatika, yakapotelea kwenye ufa wa mwamba bila fundi kuona, metali ya mdomo hulainika na almasi huharibika kwa muda mfupi. Ndiyo sababu fundi mzoefu huangalia maji yanayorudi juu kwa makini kuliko anavyoangalia injini.

Kuna kizuizi cha tatu, kinachofahamika vizuri kwenye karakana: almasi haifai kukatia chuma cha pua wala chuma cha kawaida kwa kasi. Chuma kilichopata moto hunyonya kaboni, na almasi ni kaboni. Ncha ngumu kuliko zote duniani huyeyukia ndani ya kitu laini kuliko yenyewe. Kwa mawe, saruji, vioo na kauri almasi haina mpinzani. Kwa chuma fundi hutumia vifaa vingine.

Sifa moja ya almasi huwashangaza watu: haipitishi umeme, lakini hupitisha joto kuliko shaba, kwa takriban mara tano ikiwa safi. Katika shaba joto hubebwa na elektroni. Katika almasi hubebwa na mtikisiko wa atomu zenyewe, na kwa kuwa atomu ni nyepesi na zimekazana sana, mtikisiko husafiri haraka mno. Vifaa vya wanunuzi wa mawe hutumia siri hii: ncha yenye moto hugusa jiwe na kifaa hupima jinsi joto linavyotoroka. Kioo hugundulika papo hapo. Moisanaiti, jiwe la kiwandani, huweza kukipita kipimo hicho, hivyo mnunuzi mwangalifu hupima na umeme pia. Asichopaswa kufanya ni kulipiga jiwe nyundo. Almasi haikwaruziki kwa urahisi, lakini ina nyuso za ndani ambako hupasuka ikigongwa vibaya. Ugumu na uimara ni mambo mawili, na jiwe la thamani hupotea kwa kuyachanganya.

Gramu moja ya Manono na gramu kumi na moja za grafiti

Sasa tuifuate lithiamu ikitoka kwenye mwamba hadi kwenye simu. Betri ya simu inapochajiwa, atomu za lithiamu huacha upande mmoja na kuingia upande wa pili, ambao kwa kawaida ni grafiti. Haziunguzi grafiti wala haziivunji. Hupenya kati ya matabaka, na matabaka husogea kidogo kuzipisha, kiasi cha asilimia 10 hivi. Simu inapotumika, lithiamu hutoka na matabaka hurudi. Hapo udhaifu uleule unaoifanya kreyo iandike unageuka kuwa faida. Almasi haina nafasi hiyo. Hata ingekuwa bei ya makala, isingeweza kuwa betri.

Hesabu yake ni fupi. Grafiti ikijaa inabeba atomu moja ya lithiamu kwa kila atomu sita za kaboni, na hiyo ni sawa na 372 mAh kwa gramu. Chukua simu iliyoandikwa 4000 mAh kwenye betri yake. Gawanya 4000 kwa 372, unapata gramu 10.8 za grafiti. Lithiamu inayosafiri kwenda na kurudi ni gramu moja tu. Kwa uhalisia viwanda huweka zaidi kidogo ya kila kimoja, lakini uwiano haubadiliki sana. Kila gramu ya lithiamu inayofanya kazi inahitaji karibu mara kumi ya uzito wake kwa grafiti. Kwa maneno mengine, betri inayoitwa ya lithiamu ina kaboni nyingi kuliko lithiamu.

Grafiti hiyo ipo ng'ambo ya ziwa. Tanzania ina grafiti ya magamba huko Mahenge, Lindi na Merelani, na Msumbiji ina mgodi mkubwa wa Balama. Lakini gamba lililotoka ardhini haliingii kwenye betri moja kwa moja. Linasafishwa hadi kufikia karibu asilimia 99.95 ya kaboni, kwa sababu chembe za chuma zinaweza kuharibu betri kutoka ndani. Halafu magamba hukunjwakunjwa kuwa vijiduara. Sababu yake ni ule upande wa matabaka tuliouona: magamba bapa yakilala yote upande mmoja kwenye karatasi ya shaba, lithiamu inakuta uso uliofungwa badala ya kingo za kuingilia. Kiduara huonyesha kingo kila upande. Mwisho hupakwa ngozi nyembamba ya kaboni isiyo na mpangilio ili majimaji ya betri yasiitafune grafiti.

Betri ikichajiwa haraka kupita kiasi, lithiamu hufika upesi kuliko inavyoweza kupenya. Inabaki nje ya matabaka na kuganda kama metali juu ya uso wa grafiti. Dalili ya kwanza ni simu kupoteza chaji mapema kuliko zamani. Dalili ya hatari ni betri kuvimba, kwa sababu majimaji yanaoza na kutoa gesi. Betri iliyovimba haichomwi sindano wala haichajiwi tena. Lithiamu iliyoganda ndani inaweza kuwaka.

Ulaini wa grafiti nao una masharti. Katika stata ya gari na katika dinamo, vipande vya kaboni hugusa shaba inayozunguka, vikipitisha umeme huku vikiteleza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege zilipopanda juu sana vipande hivyo viligeuka unga kwa muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba hewa ya juu ilikuwa kavu mno. Kingo za matabaka yaliyovunjika hubaki na elektroni zisizofungwa, na mvuke wa maji ndio unaozituliza. Bila mvuke, kingo hushikana na kusagana. Grafiti huteleza kwa msaada wa unyevu wa hewa, na kwenye utupu mtupu haifai kuwa grisi. Kandokando ya ziwa hatuna shida hiyo.

Makala yako wapi kati ya hizi mbili?

Makala ya mbabula hayakati kioo, wala hayaachi alama safi kama kreyo. Hata hivyo, ndani yake mna vipande vidogo sana vya matabaka kama ya grafiti, vilivyopinda na kutupwa ovyo, vimeshonwa pamoja kila upande, huku hewa ikijaa katikati. Yanaweza kupitisha umeme au yasipitishe. Inategemea moto ulioyapika.

Jambo hili linaweza kuonekana kwenye meza ya fundi wa simu mwenye multimeta. Weka ncha mbili kwenye kijiti cha kaboni cha betri kuukuu ya tochi, ile ya zinki na kaboni, si ya lithiamu: usomaji ni wa omu chache. Ziweke kwenye kreyo iliyochongwa pande zote mbili na utapata zaidi, kwa sababu grafiti ya kreyo imechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kadiri kreyo inavyokuwa ngumu ndivyo udongo ulivyo mwingi. Ziweke sasa kwenye kipande cha makala kutoka guniani. Mara nyingi multimeta haitaonyesha chochote. Chukua kipande kilichokuwa chekundu kwenye mbabula, ukizime kwa kukifunika, kipoe, kisha upime tena. Safari hii mara nyingi umeme utapita.

Tanuru la udongo la mchoma makala kwa kawaida halizidi sana nyuzi 500. Kwa joto hilo kuni zimepoteza maji na moshi, lakini elektroni nyingi bado zimefungwa na mabaki ya hidrojeni na oksijeni. Kati ya nyuzi 600 na 900 mabaki hayo hutoka, vipande vya matabaka hugusana, na ukinzani hushuka kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo anayetaka kujua kama makala yamepikwa vizuri anaweza kutumia multimeta badala ya kuyagonga na kusikiliza mlio wake.

Je, ukiongeza moto zaidi, makala yatakuwa grafiti? Rosalind Franklin, ambaye wengi humjua kwa kazi yake ya DNA, alianza kwa kuchunguza makaa ya mawe, na mwaka 1951 alitoa jibu. Kuna kaboni zinazokubali kuwa grafiti na kuna zinazokataa hata zikifikishwa nyuzi 3000. Zinazokubali ni zile zilizopitia hatua ya kulainika kabla ya kukauka, kama mabaki mazito ya petroli na baadhi ya makaa ya mawe. Zikiwa laini, matabaka yake hupata nafasi ya kulala sambamba. Kuni haziyeyuki kamwe. Mishono yake hujifunga mapema na moto wowote wa baadaye hauifungui.

Tofauti hiyo imeandika sehemu ya historia ya uchumi wetu. Tanuru za shaba za Lubumbashi, zilizowashwa mwaka 1911, zilihitaji koki, na koki hutokana na makaa ya mawe yanayolainika na kugandamana yakipikwa. Haikutosha Katanga kuwa na makaa ya mawe. Koki ililetwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini.

Ukaidi wa makala si hasara tupu. Yale matundu yake yakifunguliwa zaidi kwa mvuke wa moto, gramu moja hupata uso wa ndani unaoweza kuzidi mita za mraba 1000, na uso huo hunasa harufu, rangi na sumu kadhaa za maji. Kwa mji unaosumbuliwa na kipindupindu kama Kalemie, mpaka wake ni lazima usemwe: makala hayo hayaui vijidudu. Maji yaliyopita humo bado yanahitaji klorini au kuchemshwa.

Kaboni za maabara, na bei ya mpangilio

Aina nyingine zilizogunduliwa baadaye ni tabaka lilelile la pembe sita katika sura nyingine. Mwaka 1985 Kroto, Curl na Smalley walipata mpira wa atomu 60, ambao pembe tano zilizoingizwa kati ya pembe sita ndizo zinazoupinda. Mwaka 1991 Mjapani Iijima alieleza mirija, yaani tabaka lililoviringishwa. Jinsi lilivyoviringishwa huamua kama mrija utapitisha umeme kama metali au nusunusu. Mwaka 2004 Geim na Novoselov waliinua tabaka moja la grafiti kwa utepe wa gundi, nalo ndilo grafini. Elektroni ya nne bado ndiyo inayotawala yote haya.

Uvumbuzi uliotugusa zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1955 kampuni ya Kimarekani General Electric ilitangaza kwamba imetengeneza almasi kutoka kwenye grafiti, kwa kanieneo ya zaidi ya mara 50,000 ya hewa, joto la kupita nyuzi 1200, na metali iliyoyeyuka ya kuzivusha atomu kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Almasi nyingi za Mbuji-Mayi ni za kijivu, zimejaa nyufa na uchafu. Hazing'ai, husagwa kuwa unga wa viwandani. Soko hilo ndilo lililonyakuliwa na kiwanda. Unga wa almasi wa kiwandani una chembe za umbo na ukubwa uleule, jambo ambalo mtengenezaji wa vichwa vya kutobolea analithamini kuliko asili ya jiwe. Hivyo chembe zinazotoboa mwamba wa Kongo leo kwa kawaida zimetoka kiwandani, si Kasai.

Hapo ndipo hoja ya atomu inapokutana na ya mfuko. Kaboni kama kaboni ni rahisi mno. Kinacholipiwa ni kazi ya kuipanga: kanieneo inayoifunga elektroni ya nne, au usafishaji na ukunjaji unaoiacha huru kwa upande unaotakiwa. Jimbo likiuza lithiamu ghafi, kama jirani anavyouza magamba ghafi ya grafiti, wote wawili watakuwa wanauza kitu kabla hakijapangwa. Mazungumzo kuhusu kiwanda cha betri katika ukanda wetu yaanze na swali hilo la kiufundi: nani atasafisha grafiti hadi asilimia 99.95, na kwa umeme gani? Bila jibu, kila gramu ya Manono itafuata gramu zake kumi na moja za grafiti huko zilikopangwa.